Barua pepe ya makabidhiano kabla ya likizo ya uzazi: maswali ya mhasibu wa mishahara

Ukurasa huu ni wa wahasibu wa Tanzania wanaoshughulika na mishahara na wanaojiandaa kwenda likizo ya uzazi. Nimechagua likizo hii kwa sababu ni ndefu na ina mambo mawili yasiyopatana: tarehe ya kuanza inaweza kukuwahi, lakini tarehe za makato ya kisheria hazimsubiri mtu. Mfano nitakaoutumia ni wa kampuni ya watu takribani 40 jijini Dar es Salaam. Mhasibu wake anaanza likizo Jumatatu tarehe 2 Machi 2026. Idara yake ina watu watatu: yeye, mhasibu msaidizi atakayemkaimu, na mhasibu mkuu.

Sheria inasemaje kuhusu muda wenyewe?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo inaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya ya mama au ya mtoto inahitaji hivyo.

Siku 84 zinahesabiwa mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kwa mfano wetu, kuanzia tarehe 2 Machi zinaisha Jumapili tarehe 24 Mei, na kazi inaanza Jumatatu tarehe 25 Mei. Andika tarehe zote mbili kwenye barua yako. Ukiandika "miezi mitatu" tu, kuna mtu atakusubiri mwanzoni mwa Juni na mwingine atakutegemea mapema zaidi.

Niiandike lini?

Rasimu kamili iwe tayari wiki sita kabla ya siku unayopanga kuondoka. Mtoto anaweza kuja mapema, na daktari anaweza kukuambia leo kwamba kesho usitoke nyumbani. Rasimu ikiwa kwenye folda ya idara, mhasibu mkuu ataituma mwenyewe siku hiyo hata kama wewe uko wodini. Ukingoja wiki ya mwisho, utaiandika umechoka, miguu imevimba, huku watu wanakuletea madai ya posho mlangoni.

Barua rasmi itumwe siku tano au sita za kazi kabla ya kuondoka. Muda huo unamtosha anayekukaimu kuisoma, kufungua kila faili na kukuuliza ukiwa bado mezani kwako.

Niitume kwa nani?

Mwandikie anayekukaimu, nakala kwa mhasibu mkuu na mtu wa rasilimali watu. Usiitume kwa kampuni nzima. Wengine wote wanahitaji mistari miwili tu: kuanzia tarehe fulani masuala ya mishahara yapelekwe kwa nani, na mwisho wa kuwasilisha saa za ziada ni lini.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyomo. Barua ya makabidhiano ya mishahara hubeba mambo ya watu: nani ana mkopo wa kampuni, nani anakatwa kwa amri ya mahakama, nani anarejesha mkopo wa elimu ya juu. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwajiri azilinde. Ndani ya barua andika "makato maalumu ya wafanyakazi watatu, tazama faili namba 4". Majina na kiasi yabaki kwenye faili ambalo wenye ruhusa pekee wanaweza kulifungua. Barua pepe huweza kutumwa mbele kwa mtu mwingine kwa kubonyeza mara moja, na ukishakuwa likizo huwezi tena kujua imefika wapi.

Kazi zinazoendelea niziandikeje?

Hapa ndipo barua nyingi hupwaya. Mtu huandika hivi:

> Mishahara ya Machi: inaendelea.
> NSSF: kuna suala la mfanyakazi mpya, linafuatiliwa.

Msomaji hapati cha kufanya. Nani analifuatilia? Limefika wapi? Likikwama afanye nini? Kila kazi inayoendelea ijibu mambo manne: imefika wapi, hatua inayofuata ni ipi, mwisho wake lini, na nani anaifanya. Suala lilelile la NSSF likiandikwa vizuri linasomeka hivi:

> Mfanyakazi mpya wa ghala hana namba ya uanachama wa NSSF. Fomu yake ya usajili ilipelekwa tarehe 18 Februari, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko folda 03. Hatua inayofuata: uulize namba yake ifikapo tarehe 9 Machi. Isipotoka hadi tarehe 16, mpigie ofisa wetu wa NSSF aliyeko kwenye orodha ya mawasiliano. Namba iwe imeingizwa kwenye mfumo kabla hujaandaa michango ya Machi. Anayefanya: wewe.

Maneno yameongezeka, lakini msaidizi hana haja ya kumpigia mtu simu ili aanze. Neno "linafuatiliwa" lifute kila unapoliona kwenye rasimu yako, kwa sababu linaficha mfuatiliaji.

Kuna aina nyingine ya kazi ambayo husahaulika, nayo ni ile ambayo siyo yako ingawa watu hudhani ni yako. Katika mfano wetu, makadirio ya kodi ya mapato ya kampuni, ambayo kampuni zenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba huwasilisha hadi tarehe 31 Machi, ni ya mhasibu mkuu. Ritani ya VAT ya kila tarehe 20 nayo ni yake. Andika mstari mmoja: "Hizi mbili hazimo kwenye makabidhiano haya." Usipoandika, msaidizi atadhani ni za mkuu, mkuu atadhani umemwachia msaidizi, na tarehe itapita kila mmoja akiamini mwenzake ameshughulikia.

Tarehe za mwisho ninazijua kwa kichwa. Kuna haja gani ya kuziorodhesha?

Unazijua kwa kawaida yake: PAYE na tozo ya SDL ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, marejesho ya bodi ya mikopo ni tarehe 15, michango ya NSSF na ya mfuko wa fidia, WCF, ni hadi mwisho wa mwezi unaofuata. Msaidizi naye huenda anazijua hivyo. Tatizo ni kwamba kawaida haikuonyeshi kalenda ya mwaka husika. Chukua kalenda, weka kila tarehe kwenye siku yake ya wiki, kisha weka sikukuu juu yake. Tufanye hivyo kwa mfano wetu.

PAYE ya mishahara ya Februari inaisha tarehe 7 Machi, nayo ni Jumamosi, siku tano tu baada ya mhasibu kuondoka. Mishahara ya Februari imeshalipwa tarehe 25, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwachia mtu deni hilo. Mhasibu anawasilisha na kulipa Ijumaa tarehe 27 Februari, pamoja na NSSF, WCF na bodi ya mikopo. Anaondoka Februari ikiwa imefungwa kabisa, na makabidhiano yanaanzia Machi. Ukiweza kupanga hivi, panga.

Mishahara ya Machi ina Idi el Fitri katikati, inayotarajiwa karibu na tarehe 20 Machi kutegemea mwandamo. Fomu za saa za ziada zinazofungwa kwa kawaida tarehe 18 zisogezwe hadi tarehe 16, na wakuu wa idara waambiwe mapema.

Sasa njoo kwenye PAYE ya Machi. Mwisho wake ni tarehe 7 Aprili 2026. Hiyo ni Jumanne, ila ni Siku ya Karume. Jumatatu tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka. Tarehe 5 ni Pasaka yenyewe, tarehe 4 ni Jumamosi, tarehe 3 ni Ijumaa Kuu. Siku tano mfululizo ofisi imefungwa, na ya mwisho kati ya hizo ndiyo siku ya mwisho ya kulipa. Siku ya mwisho ya kazi ni Alhamisi tarehe 2 Aprili, siku ambayo mwidhinishaji wa pili wa benki huenda yuko njiani kwenda Moshi au Mbeya kwa Pasaka. Kwa hiyo kwenye barua haiandikwi "PAYE tarehe 7". Inaandikwa: "PAYE na SDL ya Machi: wasilisha Jumatatu tarehe 30 Machi, malipo yaidhinishwe si zaidi ya Jumanne tarehe 31." Msaidizi anayefuata kawaida ya tarehe 7 angeligundua hili Jumatatu ya Pasaka, akiwa na namba ya malipo mkononi na hakuna wa kuidhinisha. Kuchelewa huleta riba na adhabu kwa jina la kampuni, na maelezo yatatafutwa kwako.

Aprili ni nyepesi zaidi. Tarehe 25 ni Jumamosi, hivyo mishahara inalipwa Ijumaa tarehe 24. PAYE yake ni tarehe 7 Mei, Alhamisi ya kawaida.

Mtego wa mwisho uko kwenye siku ya kurudi. Mhasibu anaripoti Jumatatu tarehe 25 Mei, ambayo ndiyo siku ya kulipa mishahara ya Mei. Kila mtu atasema "atakuwa amerudi". Lakini mishahara inayolipwa tarehe 25 inaandaliwa wiki ya tarehe 18 hadi 22, wakati bado yuko nyumbani ananyonyesha. Andika wazi: "Mishahara ya Mei unaiandaa wewe mpaka mwisho. Mimi naanza na ya Juni."

Orodha ya mawasiliano iwe na nini zaidi ya namba za simu?

Iwe na jambo ambalo mtu huyo anashughulikia, na jinsi anavyopenda kufikiwa. "Ofisa wa benki: malipo yakikataliwa, mpigie kabla ya saa 9 alasiri, barua pepe hajibu siku hiyohiyo." Hayo ndiyo unayoyajua wewe tu. Namba yenyewe hata mapokezi wanayo.

Kabla hujaondoka, waandikie watu wa nje wachache unaowasiliana nao kila mwezi na kumtambulisha anayekukaimu kwa jina na barua pepe yake. Ofisa wa benki aliyezoea sauti yako hatajibu maswali kuhusu akaunti kutoka kwa mtu asiyemjua, na anafanya sawa.

Mafaili niyaeleze vipi?

Usiandike "yote yako kwenye drive". Toa njia kamili, folda kwa folda, na useme lipi ndilo toleo sahihi:

```
Shared drives / Fedha / Mishahara / 2026 / 02_Februari /
  2026-02_Mishahara_IMEIDHINISHWA.xlsx
  2026-02_PAYE_risiti.pdf
```

Angalia sana mahali folda ilipo. Kwenye Google, kilichoko `My Drive` ni cha akaunti yako. Umewashirikisha wenzako tu. Kilichoko `Shared drives` ni cha ofisi. Mafaili ya kazi yahamishie huko kabla hujaondoka. Kisha kuna yale yaliyoko kwenye deskitopu ya kompyuta mpakato yako, ambayo utaibeba nyumbani au itafungiwa kabatini. Kikokotoo cha saa za ziada ulichokitengeneza mwenyewe miaka iliyopita mara nyingi kiko huko, na hakuna anayejua kama kipo.

Kiungo kinachofunguka kwako hakithibitishi lolote, kwa sababu wewe ndiye mwenye faili. Mwombe msaidizi afungue kila kiungo kwenye kompyuta yake huku umekaa pembeni. Kila anapoona ujumbe wa kuomba ruhusa, rekebisha palepale. Usisahau makaratasi: mikataba na fomu zenye sahihi ziko kabati gani, na ufunguo yuko nao nani.

Nywila nazo niziweke kwenye barua?

Hapana, hata kama mnaaminiana kama ndugu. Anayekukaimu afunguliwe akaunti yake mwenyewe kwenye mfumo wa mishahara, kwenye mtandao wa benki na kwenye mifumo ya TRA, NSSF na WCF. Akitumia ya kwako, malipo ya Machi na Aprili yataonekana yamefanywa na wewe uliyekuwa likizo, na mkaguzi wa hesabu atauliza inawezekanaje. Ombi la kuongeza mtumiaji benki huhitaji barua yenye sahihi za waidhinishaji na huchukua siku kadhaa, kwa hiyo lianze mwezi mmoja kabla.

Kuna kikwazo kinachokwamisha watu wengi kuliko nywila: namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS. Mfumo ukiwa umesajiliwa kwa simu yako, basi kila mtu anapotaka kuingia, namba inakuja kwako. Utapigiwa ukiwa leba. Pitia mfumo mmoja baada ya mwingine na uulize: namba ya simu iliyosajiliwa ni ya nani? Barua pepe ya kurejesha nywila ni ya nani? Zibadilishe ziwe za anayekaimu au simu ya ofisi, kisha aingie mwenyewe mara moja ukiwa bado upo. Kifaa cha tokeni cha benki, kama mnakitumia, kikabidhiwe kwa utaratibu wa benki, siyo mkononi kimyakimya.

Na mgawanyo wa kazi ulindwe. Kama wewe ulikuwa mwandaaji wa malipo na mkuu ndiye mwidhinishaji, msaidizi achukue nafasi ya kuandaa tu. Asipewe zote mbili kwa sababu ya uchache wa watu. Ikiwa mkuu naye anatarajia kusafiri Pasaka, mwidhinishaji wa akiba atajwe kwenye barua.

Naomba mfano wa barua yenyewe.

> Kichwa: Makabidhiano ya mishahara, 2 Machi hadi 24 Mei 2026
>
> Habari za kazi, kaka.
>
> Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi nitakuwa likizo ya uzazi, nitarudi Jumatatu tarehe 25 Mei. Wewe utakaimu mishahara na makato yote ya kisheria. Maamuzi na idhini ni ya mhasibu mkuu, ambaye nimempa nakala.
>
> Vya kwanza kufanya. (1) Tarehe 9 Machi: ulizia namba ya NSSF ya mfanyakazi mpya wa ghala, maelezo yako hapa chini. (2) Tarehe 16 Machi: funga fomu za saa za ziada, wakuu wa idara nimeshawaandikia. (3) Tarehe 30 Machi: wasilisha PAYE na SDL ya Machi, malipo yaidhinishwe kufikia tarehe 31. Usingoje tarehe 7 Aprili, ni sikukuu na ofisi zitakuwa zimefungwa tangu Ijumaa Kuu.
>
> Februari naifunga mwenyewe kabla sijaondoka. Mishahara, PAYE, SDL, NSSF, WCF na bodi ya mikopo vitakuwa vimelipwa kufikia Ijumaa tarehe 27 Februari. Risiti zote zitakuwa folda 02_Februari.
>
> Kazi zinazoendelea. Ziko tatu: namba ya NSSF ya mfanyakazi mpya, marekebisho ya makato ya bodi ya mikopo ya mfanyakazi mmoja aliyemaliza deni (tunasubiri barua ya bodi, usisimamishe makato kabla haijafika), na makato maalumu ya watu watatu, tazama faili namba 4. Kila moja ina ukurasa wake wa maelezo kwenye folda 00_Makabidhiano.
>
> Tarehe. Kalenda yote hadi Mei nimeiambatisha, na vikumbusho nimeviweka kwenye kalenda ya idara. Mishahara ya Mei unaiandaa wewe.
>
> Haimo humu. VAT na makadirio ya kodi ya kampuni ni vya mhasibu mkuu.
>
> Mafaili, mawasiliano na funguo. Njia kamili ziko kwenye kiambatisho cha pili. Ufunguo wa kabati la mikataba nimemkabidhi mhasibu mkuu.
>
> Naomba usome leo, uniulize kesho. Alhamisi saa 4 asubuhi tukae na mkuu tupitie pamoja.
>
> Asante sana.

Angalia kwamba barua yenyewe ni fupi. Vitu vitatu vya kwanza vina tarehe, na vinakuja kabla ya maelezo mengine yoyote, kwa sababu huenda msomaji akaifungua kwenye simu akiwa kwenye mwendokasi.

Wanipigie nikiwa nyumbani?

Sheria ileile ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza mama kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Kukokotoa PAYE ya mtu kwa simu ni kazi. Kwa hiyo usiandike "mnaweza kunipigia wakati wowote" kwa ajili ya kuonekana mwema. Andika nani wa kuulizwa kwanza: maelezo ya folda 00, kisha mhasibu mkuu, kisha mtoa huduma wa mfumo wa mishahara. Ukipenda kuacha mlango wazi baada ya wiki hizo, sema kwa njia gani na kwa jambo gani, na maswali yapitie kwa mhasibu mkuu peke yake.

Nitajuaje kwamba barua imetosha?

Mwachie msaidizi aandae mishahara ya Februari mwenyewe, akitumia barua yako tu, nawe kaa kimya. Kila atakapokugeukia kuuliza, andika swali lake pembeni. Hilo ndilo pengo la barua yako. Atauliza mambo ambayo hungeyafikiria: kwa nini mfanyakazi fulani ana mistari miwili, mbona jumla ya benki inapishana na jumla ya orodha, faili la kupakia benki linahifadhiwa kwa muundo gani. Jaza majibu, kisha linganisha mishahara aliyoandaa na ile uliyoandaa wewe. Zikilingana hadi shilingi ya mwisho, tuma barua.

Hakuna wa kunikaimu. Nifanyeje?

Kwenye ofisi ndogo hili ni la kawaida. Mwambie mkuu wako kwa maandishi, mapema, ukiwa na orodha ya tarehe mkononi, ili achague: aajiri wa muda, awape kazi kampuni ya uhasibu ya nje, au aifanye mwenyewe. Kampuni ya nje ikichukuliwa, ipewe mishahara ya mwezi mmoja ukiwa bado upo. Barua ya makabidhiano iandikwe vilevile na ielekezwe kwa mkuu. Hata asipokuwa na mtu leo, atakayekuja tarehe 10 Machi ataikuta.

Nikirudi nianzie wapi?

Mwombe aliyekaimu awe anaandika kwenye ukurasa mmoja, ndani ya folda 00, kila jambo lililokwenda tofauti na barua. Siku ya kwanza soma huo kabla ya kufungua sanduku la barua pepe. Kisha linganisha risiti za Machi na Aprili na orodha za mishahara ya miezi hiyo: PAYE, SDL, NSSF, WCF, bodi ya mikopo. Ya Aprili kwa NSSF na WCF inaisha tarehe 31 Mei, ambayo ni Jumapili, na Idi el Haji inatarajiwa karibu na tarehe 27, kwa hiyo kama bado haijalipwa, ishughulikie siku hiyohiyo ya kwanza.